Hongera, na Usitusahau

Mkeka ukitoka usiku, kufika asubuhi simu ya aliyeteuliwa haishikiki. Taarifa ya Ikulu imezunguka magrupu yote ya WhatsApp, kila anayelitambua jina amelitia duara jekundu na kulirusha kwingine, na mwenyewe hajamaliza hata kumweleza mama yake. Hongera mkuu. Hongera mheshimiwa. Mungu akusimamie, umetuheshimisha. Katikati ya hizo zimo zenye mkia: "Hongera sana kaka, usitusahau na sisi." "Utukumbuke katika ufalme wako." Na moja moja isiyojizungusha: "Hongera. Mdogo wangu yupo tu nyumbani tangu amalize chuo, nimlete lini?"

Si lazima uwe uteuzi wa Ikulu. Mwalimu aliyepewa ukuu wa shule, muuguzi aliyefanywa mkuu wa wodi, karani wa benki aliyepelekwa Kahama kuwa meneja wa tawi, dada aliyeacha ajira akafungua duka lake la dawa, wote hupitia mvua hiyo hiyo kwa kipimo chao. Nasi tunaowapongeza, tukiwa wakweli, mara nyingi tuna jambo letu. Kuwa na jambo si dhambi. Lakini pongezi na ombi vikichanganywa ovyo huharibika vyote viwili: pongezi inageuka chambo, na ombi linaangukia kwenye fungu la mizinga, lile ambalo mtu hulipitia kwa dole gumba bila kulifungua.

Ombi huitwa dogo na anayeomba, ila uzito wake anaujua anayeombwa. Yapo maombi yanayokula muda wake tu, kama dakika kumi za simu au jibu la swali moja. Yapo yanayokula jina lake, kama kukutambulisha kwa mtu mwingine au kukusemea. Na yapo yanayokula mamlaka yake: saini, nafasi, tenda, kusogezwa mbele ya foleni. La kwanza ni jepesi. La pili linategemea mmejuana kiasi gani. La tatu ni zito hata ukiliandika kwa maneno manne na vikatuni vya kucheka, na mtu aliyekalia kiti kwa wiki mbili ndiye asiyeliweza kabisa. Waliokitaka kiti hicho wakakikosa wako korido moja naye, wanaangalia nani anaingia ofisini kwake. Mafaili bado hajayasoma. Yawezekana hata mshahara mpya haujaanza kuingia, ingawa mtaani ameshahesabiwa kuwa ameula.

Kabla hujaandika neno, hakikisha cheo chenyewe. Watu wengi wanaotangazwa kwenye magrupu kuwa wamepanda, kwa kweli wanakaimu. Anayekaimu amebeba kazi yote huku kiti kikiwa si chake, na ukimpongeza kwa shangwe kana kwamba barua imeshatoka unamweka mahali pabaya, hasa kama ujumbe huo umeuweka kwenye grupu alimo na bosi wake. Kwa huyo inatosha kusema umesikia amekabidhiwa majukumu na unamtakia heri. Angalia pia kama kupanda kumekuja na uhamisho. Meneja aliyepelekwa Kahama huku watoto wakibaki shule Dar es Salaam anastahili hongera na pole kwa pamoja. Na aliyemtangulia usimtaje. Mkeka unaoteua aghalabu unatengua pia, na mtu aliyetenguliwa huenda ndiye aliyemfundisha kazi huyu unayemshangilia.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie mpaka mwisho. Mwanamke ana karakana ya kushona sare Morogoro, mwenye cherehani sita na mafundi wanne. Alipokuwa Mzumbe alisoma darasa moja na kijana ambaye leo ametangazwa kuwa mkuu wa kitengo cha ununuzi katika halmashauri ya mkoa jirani. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walifanya pamoja kazi za kikundi, wakabaki kwenye grupu la darasa, na mara ya mwisho kuandikiana ilikuwa wakati wa kuchangia msiba. Huyu fundi anataka kuanza kuuza sare kwa taasisi za umma. Akiona habari ile, kinachomjia vidoleni ni hiki:

"Mambo kaka, kimya sana! Hongera kwa kuula, tumefurahi mno. Sasa kaka, sisi wadogo zako tuna karakana ya sare, tunaomba utufikirie kwenye tenda. Hata ndogo tu. Ubarikiwe sana."

Ni ujumbe wa upole, hauna tusi wala dai. Lakini mtazame anayeupokea. Tangu 2023 zabuni za umma Tanzania zinapitia kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, na mwaka huo huo ilipitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Mzabuni anajisajili mwenyewe, anaomba mwenyewe, na aliyeshindwa ana haki ya kulalamika. Mkuu wa kitengo hana tenda ya kumpa mtu mkononi. Alichonacho ni uwezo wa kuharibikiwa: ujumbe ule ukikaa kwenye simu yake, kisha karakana ile ikashinda zabuni kwa halali kabisa miezi sita baadaye, tayari ipo karatasi ya kumhoji. Neno "tufikirie" limemgeuza mwanafunzi mwenzake kuwa mtu wa kukwepwa. Atajibu "amina" na kusonga mbele, na kuanzia hapo hata salamu ya Idi itajibiwa kwa tahadhari.

Hapo ombi limepelekwa kwenye mamlaka ilhali kitu chenye thamani zaidi alichonacho yule kijana ni ujuzi wake. Yeye huona kila siku jinsi wazabuni wadogo wanavyoanguka. Hilo anaweza kulisema kwa yeyote, mchana kweupe, bila kuogopa nani anasikiliza. Fundi wetu akiliona hilo, ujumbe wake unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi kaka. Nimeona kwenye grupu la darasa kwamba umekabidhiwa kitengo. Hongera sana, na pole kwa majukumu. Nikakumbuka ile ripoti yetu ya mwaka wa pili, ulivyotulazimisha kurudia hesabu zote usiku kwa sababu jumla ilipishana shilingi mia tatu. Nikasema hapa wamempata mwenyewe.

Mimi nipo Morogoro, nashona sare. Ukishatulia, labda mwezi wa tisa hivi, nitakuomba dakika kumi za simu unieleze makosa ambayo wazabuni wadogo huyafanya kwenye NeST. Ni kujifunza tu, si kwa zabuni yoyote ya kwenu. Isipowezekana usijali kabisa. Kwa leo ni hongera, wala huna haja ya kujibu."

Ile habari ya shilingi mia tatu ndiyo inayobeba pongezi nzima. "Umestahili" husemwa kwa kila mtu, hata kwa asiyestahili. Kumbukumbu moja ndogo ya tabia yake, inayofungamana na kazi aliyopewa, haiwezi kunakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa mtu mwingine, na inamwonyesha kwamba unampongeza yeye na siyo kiti. Ukikosa kumbukumbu ya namna hiyo, ni dalili kwamba hamjuani kiasi cha kuombana. Pongeza, kisha ishia hapo.

Angalia pia jinsi ombi lilivyokaa. Limetajwa mara moja, limepewa kipimo cha dakika kumi na mwezi wake, na limewekewa mlango wa kukataa ambao unaweza kupitika bila aibu. Wapo wanaoshauri kwamba ombi lisionekane kabisa kwenye pongezi: tuma hongera tupu, subiri siku tatu nne, halafu rudi na shida yako. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyekuwa kimya miaka miwili akitokea na hongera Jumatatu na shida Ijumaa, mpokeaji hujumlisha mwenyewe, na hapo ile hongera ya Jumatatu huchacha kwa kurudi nyuma. Ni afadhali kusema mapema, kwa sentensi moja, kwamba kuna jambo dogo huko mbele. Ushauri wa kutenganisha unawafaa walio karibu, ambao huwasiliana kila wiki. Hao hawahitaji kutangaziana, ombi litapata siku yake lenyewe.

Watu hujizuia kuandika kwa sababu wanajiona wamekaa kimya mno. "Nitaanzaje?" Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 utafiti uliofanyika Marekani, ukionyesha kwamba watu wanaowatafuta jamaa waliopoteana nao hukadiria chini furaha ya wanaotafutwa, na kwamba salamu hufurahiwa zaidi inapomfikia mtu asiyeitarajia. Lakini salamu zilizopimwa mle zilikuwa za kujuliana hali, au zawadi ndogo, pasipo ombi. Kwa hiyo furaha hiyo ni ya hongera. Mkia ukiwa mrefu kuliko mwili, furaha hiyo usiitegemee.

Kwa upande mwingine, mtu wa mbali kama yule mwanafunzi mwenzake si wa kudharauliwa. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake maarufu ya 1973, aliwaangalia wafanyakazi wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia watu wanaowajua. Karibu asilimia 17 tu walikuwa wakionana mara kwa mara na mtu aliyewapa habari hiyo; wengine wote walikuwa wakionana naye mara mojamoja, au kwa nadra. Sababu yake haihitaji digrii. Mafundi wenzako wa Morogoro wanajua unachokijua wewe. Anayekaa upande wa pili wa meza ya ununuzi anajua kisichofika karakanani kwenu.

Mwezi wa tisa ukifika, fundi wetu anakumbusha kwa mstari mmoja, asubuhi ya siku ya kazi, akitaja lile alilolisema: "Kaka, habari za majukumu. Nilisema nitakusumbua kuhusu NeST ukishatulia. Wiki hii au ijayo ingewezekana dakika kumi? Kama bado umebanwa, hamna neno." Asitume ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mtu mwenye cheo kipya yuko kikaoni muda mwingi, na ujumbe wa sauti hausomeki chini ya meza. Wala asipige bila kuuliza kwanza.

Simu yenyewe ikipatikana, aende na maswali matatu aliyoyaandika. Huenda akaambiwa aangalie kama jina la biashara kwenye namba ya mlipakodi linafanana herufi kwa herufi na lile lililoko BRELA, kama leseni yake haijaisha muda, na kwamba sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake na vijana, ila kundi lazima lisajiliwe kama kundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kwao ndiye wa kumwanzia. Hakuna siri humo. Dakika ya kumi ikifika, afunge yeye, hata kama mwenzake bado anaongea kwa raha. Anayefunga mazungumzo mwenyewe kwa wakati huachiwa mlango wazi. Baada ya mwezi mmoja au miwili ampe mrejesho: tumesajili kundi, leseni tumehuisha, asante. Wengi wanaosaidia hawajui kamwe msaada wao uliishia wapi, na mrejesho huo ndio utakaofanya ombi lijalo, likiwapo, lisianzie sifuri.

Zawadi asipeleke. Mashati mawili yaliyoshonwa vizuri kwa ajili ya mkuu wa kitengo cha ununuzi yanaweza kuwa shukrani moyoni mwa fundi, lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaangalia manufaa anayopewa mtu kuhusiana na kazi yake, na haina mizani ya kupimia moyo.

Lipo ombi jingine linalojificha kwenye hongera kuliko yote, nalo ni la mtoto aliyemaliza chuo. "Nimekuambatishia wasifu wake, uone tu." Mzazi anaamini ameomba kitu chepesi kwa sababu amesema "uone tu". Ila kwa utumishi wa umma, ajira nyingi zinatangazwa na kusailiwa na Sekretarieti ya Ajira, waombaji wanajaza wenyewe kwenye Ajira Portal, na mkuu wa idara aliyepewa kiti juzi hana kazi ya kugawa. Amepewa faili la kumpa aibu. Mzazi huyo huyo angeuliza, "Mwanangu amesoma uhasibu, kwa unavyoona huko, ni cheti gani cha ziada kinachowasaidia vijana kwenye usaili?" angepata jibu siku hiyo hiyo, na pengine lenye maelezo marefu, maana watu wanapenda kuulizwa wanachokijua.

Na hapa umri unageuza mambo. Mlango wa kukataa niliousifu unafanya kazi kati ya watu wa rika moja. Mwalimu mstaafu akimwandikia mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mkurugenzi, au shangazi akimwandikia mpwa, maneno "isipowezekana usijali" hayapo hata kama yameandikwa. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumjibu mkubwa wake "haiwezekani". Atasema "nimekusikia shangazi, nitaangalia," kisha atahangaika, au ataanza kuikwepa simu. Mkubwa anayelijua hilo huomba kidogo kuliko anavyoona anastahili, na njia njema ni kuuliza badala ya kuomba: "Mwanangu, jambo kama hili huko kwenu huwa linapitia wapi?" Swali linajibika kwa kuelekeza, na heshima ya pande zote mbili inabaki. Baraka ya mkubwa isifungwe kwa sharti. "Mungu akuinue zaidi ili utuinue na sisi" ni dua yenye ankara.

Biashara mpya ni habari nyingine kabisa. Aliyepanda cheo anaonekana ana nguvu asizonazo. Aliyefungua biashara anaonekana ana fedha ambazo ndiyo kwanza zimemtoka. Dada wa duka la dawa amelipa pango la miezi sita au mwaka kwa mkupuo, rafu zimejaa mali ambayo bado haijauzwa, mfamasia anadai mshahara mwisho wa mwezi. Siku hiyo ya uzinduzi, kati ya soda na picha, marafiki wanamwambia kwa kicheko: "Sasa sisi tutapata bei ya ndugu, au siyo?" Wanadhani wametania. Kwake ni hesabu: dawa nyingi za kawaida zina faida nyembamba, na akikata kwa kila aliyemjua, miezi yake ya kwanza inaliwa na waliokuja kumpongeza. Mkopo wa dukani ni mbaya zaidi, kwani deni la rafiki halidaiki.

Huyu hupongezwa kwa kuungishwa. Nunua kitu unachokihitaji kweli, lipa bei iliyoandikwa, sema neno moja mahususi ulilolipenda, labda namna alivyopanga dawa za watoto karibu na kaunta, au mfanyakazi wake aliyekueleza dozi bila haraka. Hapo umeshampongeza kuliko aliyetuma maua ya kwenye simu. Halafu, kama una jambo, tafuta lile linalomrudishia kitu. Mwenye saluni jirani anaweza kusema: "Dada, wateja wangu huniuliza duka la dawa lililo karibu, nitakuwa nawaelekeza kwako. Ukishazoea mtaa, nitakuomba siku moja nami uniwekee kadi zangu hapo kaunta, kama utaona inafaa." Kadi haimtoi shilingi. Na anayetaka kufungua biashara ya aina hiyo hiyo asiulize siri za mahali anaponunua mali siku ya uzinduzi. Asubiri hadi mwenzake amalize angalau robo ya kwanza ya mwaka, na kama wako mtaa mmoja asiulize kabisa, akamuulize wa mji mwingine.

Kuhusu wasiojibu, usome tiki za bluu kwa utulivu. Ikiwa uliandika kwamba hakuna haja ya kujibu, basi amekutii. Kumbusha mara moja tu wakati uliotaja ukifika. Akikaa kimya tena, ombi limekataliwa kwa adabu, na la kufanya ni kumtafuta mtu mwingine mwenye ujuzi huo: mkufunzi, mzabuni aliyekwishashinda, ofisi ya maendeleo ya jamii. Sikukuu ikifika mtumie salamu kama kawaida, bila kuligusia, hata kwa utani.

Akijibu "hongera nimepokea, hilo jingine kwa sasa sitaweza," mjibu ndani ya saa hiyo: "Nimekuelewa kaka, kazi njema." Usiongeze neno.